Mngurumo wa upepo: kaza mteremko, usipandishe namba

Mahojiano ya nje yanayorekodiwa kwa simu Lulimba wakati wa kiangazi mara nyingi humfikia fundi wa redio yakiwa na mngurumo mzito chini ya maneno. Njia ya haraka ni kufungua programu ya kuhariri, kuweka chujio linalokata besi, kisha kupandisha namba mpaka mngurumo unyamaze. Kunyamaza utanyamaza. Lakini mzee aliyekuwa na sauti nene atatoka akisikika kama anaongea ndani ya kopo. Naona kosa hapo ni kuchagua namba kwa kusikiliza upepo. Namba ya kukatia ifuate sauti ya mtu anayeongea, upepo ushughulikiwe kwa ukali wa mteremko wa chujio, na fundi ajue mapema ni sehemu gani ya upepo ambayo hakuna chujio litakaloiondoa.

Mngurumo huu hautoki kwenye miti wala mabati. Hewa inayopita kasi juu ya simu huvurugika inapogonga kingo zake, na mivurugiko hiyo husukuma na kuvuta utando wa maikrofoni iliyo nyuma ya kitundu kidogo cha chini. Mtu aliyesimama hatua moja pembeni hasikii mngurumo huo, kwa sababu unazaliwa palepale kwenye kitundu. Nguvu yake kubwa iko chini sana, chini ya hezi 100, na hupungua kadiri unavyopanda. Upepo ukizidi, hauongezi kelele tu bali pia hupanda na kuingia katika eneo la sauti ya mtu. Ndiyo maana chujio linafaa sana kwa upepo wa wastani na kushindwa kwa dhoruba: katika upepo wa wastani mngurumo na maneno vinakaa sehemu mbili tofauti, katika dhoruba vinakaa pamoja.

Tuchukue mzee ambaye msingi wa sauti yake uko hezi 120, jambo la kawaida kwa mwanaume, na upepo ambao uzito wake uko karibu na hezi 50. Chujio la mteremko wa desibeli 12 kwa kila oktava, likiwekwa hezi 100, linapunguza hezi 50 kwa desibeli 12 hivi na kugusa hezi 120 kwa chini ya desibeli 2. Hiyo mara nyingi haitoshi, mngurumo bado unasikika kwenye vituo vya maneno. Fundi akipandisha namba hadi 200, upepo unashuka kwa desibeli 24, lakini msingi wa sauti ya mzee nao umeshuka kwa desibeli 9, na unene wake umekwenda. Sasa arudi kwenye 100 na kukaza mteremko hadi desibeli 24 kwa oktava: upepo wa hezi 50 unashuka kwa desibeli 24 zilezile, na hezi 120 inapoteza takriban desibeli 1. Katika Audacity kazi hiyo iko kwenye High-Pass Filter, pale penye Roll-off. Kwa ffmpeg inahitaji vichujio viwili vilivyopangwa vikamilishane:

```
ffmpeg -i mahojiano.wav -af "highpass=f=100:t=q:w=0.541,highpass=f=100:t=q:w=1.307" safi.wav
```

Mteremko mkali nao una gharama. Karibu na namba ya kukatia, sauti za chini huchelewa kidogo kuliko zile za juu, na mshindo wa ghafla huacha mkia mfupi. Kwa mazungumzo ni milisekunde chache ambazo sikio halizioni. Kwa ngoma ni habari nyingine: pigo la ngoma kubwa linaishi humohumo chini ya hezi 100, kwa hiyo chujio haliliharibu tu bali linalitoa. Rekodi ya harusi au ya mazishi yenye ngoma isipitishwe kabisa kwenye mpangilio uliotengenezwa kwa ajili ya mahojiano.

Wapo watakaosema kwamba wasikilizaji wengi wanasikiliza kwa redio ndogo au kwa spika ya simu, vifaa ambavyo havitoi besi ya maana, basi kwa nini tusikate hezi 300 na kumaliza? Hata simu ya zamani ilipitisha hezi 300 hadi 3400 na watu wakaelewana. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba ubongo huijenga upya noti ya msingi kutokana na sauti zilizo juu yake: 360, 480, 600 zikiwepo, msikilizaji husikia noti ya 120 ingawa haipo. Hivyo Kibembe, ambacho hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa noti, hakipotezi toni zake kwa chujio la 100. Kinachopotea ukifika 300 ni kingine. Mtetemo mdogo wa koo unaotangulia b na kuitenga na p uko chini huko, na vivyo hivyo d mbele ya t. Uzito wa m, n na ng' pia. Kwenye sauti safi msikilizaji hutambua kwa muktadha, lakini mahojiano ya barabarani yana pikipiki na jenereta nyuma, na hapo bata na pata huanza kufanana. Isitoshe, sauti hiyo itarushwa mara tu baada ya sauti nene ya mtangazaji aliye studio, na tofauti itasikika hata kwenye redio ndogo.

Sehemu ambayo chujio haliiwezi ni pale upepo ulipojaza maikrofoni kupita uwezo wake. Kuza mchoro wa wimbi kabla ya kuchuja kitu chochote: ukiona vilele vimekatwa tambarare, katika nukta hizo maneno hayakurekodiwa. Yalikuwa yamepanda mgongoni mwa wimbi kubwa la upepo, na wimbi lilipogonga dari yalifutika nalo. Kukatwa huko huzaa mikwaruzo inayofika maelfu ya hezi, mbali juu ya chujio lolote. Ni lazima kuangalia kabla, kwa sababu baada ya kuchuja sehemu hizo tambarare hulala mshazari, mita hushuka, na faili huonekana zima ilhali mikwaruzo imo. Simu nyingi pia hujirekebishia kiwango zenyewe: dhoruba ikija zinashusha kila kitu, maneno pamoja. Ukishaondoa mngurumo, kinachobaki ni sauti inayodidimia bila sababu inayosikika, na hiyo hurekebishwa kwa mkono, sentensi kwa sentensi. Urekebishaji huo, na kibana-sauti chochote, vifuate baada ya chujio. Vikitangulia, vitaongozwa na mngurumo badala ya maneno.

Wengine hupendelea zana ya kupunguza kelele inayojifunza kutoka kipande cha kimya. Inafaa kwa mvumo wa jenereta usiobadilika. Upepo unabadilika kila sekunde, na kipande kilichojifunzwa kabla ya dhoruba hakiielezi dhoruba. Matokeo yake ni mlio wa majimaji juu ya maneno. Kwa dhoruba fupi ni afadhali kukata kipande hicho peke yake, kukipandishia chujio hadi 150 au 180, na kuweka maungio mahali mzee anapovuta pumzi, ili badiliko la sauti yake lisitokee katikati ya neno.