Jirani hayumo kitabuni

Huku Kitale natengeneza riziki kwa kuandika tanzia. Watu huja kwenye kibanda cha kompyuta karibu na steji ya Bungoma, wananipa tarehe ya kuzaliwa, majina ya wake na watoto, na "aliokoka mwaka gani," nami nawapangia kurasa nne zenye picha. Kazi hii haihitaji digrii, na ni vizuri, kwa sababu chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipogoma.

Mwaka jana mama yangu alinipigia simu kutoka Bungoma. Khocha wangu, kakake mkubwa, amefariki. Tanzia ni yangu. Halafu akashusha sauti: "Lakini hapo kwa dini, andika tu kwamba alikuwa mtu wa Mungu."

Khocha alikuwa Dini ya Msambwa. Sisi wengine ni Kanisa la Marafiki, wale dunia inawaita Wakweka. Nimekua nikiambiwa nisile kwake siku fulani, na nisimwulize kwa nini asubuhi husimama akitazama Mlima Elgon. Basi nikakaa mbele ya skrini, naona aibu: nimemjua huyu mzee miaka ishirini na kitu, na siwezi kuandika sentensi mbili za kweli kuhusu alichoamini.

Nikafanya kile mtu aliyeacha chuo hufanya. Nikatafuta vitabu.

Niliyeanza naye ni Huston Smith, maana kitabu chake, The World's Religions, ndicho kila mtu anakutajia ukitaka dini zote pamoja. Kilitoka 1958 kwa jina lingine, kikarekebishwa 1991. Smith alizaliwa China, mtoto wa wamishenari, na anaandika kama mgeni mwenye adabu: kila dini anaiingia kwa kuvua viatu. Anasema wazi kwamba hataki kuhesabu vita na ufisadi wa makasisi. Anataka kuonyesha kwa nini watu wenye akili timamu wameishi na kufa kwa imani ile. Sura yake ya Uislamu nilimsomea jirani yangu, mama wa chapati, nikimtafsiria nilivyoweza. Alisikiliza huku akisukuma unga, akasema, "Huyo ametuona siku ya Idi." Nikacheka, kisha nikaona ameshamaliza uhakiki wote. Smith humwona kila mtu siku ya Idi. Ni mwanzo mzuri, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kumwona jirani hata siku hiyo. Lakini khocha humpati. Katika toleo la 1991 Smith aliongeza sura moja ya dini za asili, na humo Waaborijini wa Australia, Wahindi Wekundu na Afrika nzima wanaketi benchi moja.

Hapo nikajifunza jaribio ambalo sasa nalitumia kwa kitabu chochote cha aina hii, na halina gharama. Kabla ya kusoma sura ya jirani, soma wanavyokueleza wewe. Mimi nilitafuta Wakweka. Karibu kila kitabu kifupi kinasema ni watu wanaoketi kimya, bila mchungaji, wakingoja mwanga wa ndani. Kimya? Njoo ibada yetu Jumapili uone. Tuna wachungaji, kwaya tatu, ngoma, na mahubiri ambayo hayajui saa. Wamishenari walioanzisha Kaimosi mwaka 1902 walitoka tawi la Marafiki wa Marekani lililokuwa tayari limechukua wachungaji na nyimbo za uamsho, na leo hakuna nchi yenye Wakweka wengi kuliko Kenya. Kwa hiyo kitabu kinachosema "Wakweka huketi kimya" hakijasema uongo, ila kimewachukua wachache wa Uingereza na Philadelphia kikawafanya sura ya wote. Kama kimenikosa mimi hivyo, nina sababu gani ya kuamini kimempata Mhindu wa dukani, au khocha?

Kwa khocha nikaenda kwa John Mbiti. African Religions and Philosophy, 1969. Mbiti alikuwa Mkamba, padri wa Anglikana, na kitabu chake kiliandikwa wakati ambapo vyuo vingi bado viliita imani za babu zetu ushenzi. Kinasomeka. Na kwa jambo moja kilinipiga kifuani. Mbiti anasema wafu wanaokumbukwa kwa jina hawajafa kabisa. Bado ni watu wa nyumbani, wanapewa chakula, wanaulizwa mambo. Anapokufa mtu wa mwisho aliyewajua, ndipo wanapotelea katika kundi la mizimu wasio na majina. Sasa, kwetu Wabukusu mtoto hupewa jina la jamaa aliyekufa. Mimi mwenyewe nina jina la babake khocha. Ndiyo maana mzee aliniita "baba" tangu nikiwa mtoto wa nepi, nami nikidhani ni utani! Na neno msambwa lenyewe ni hilo: mizimu ya mababu pamoja na desturi walizotuachia. Kwa ukurasa huo mmoja Mbiti alistahili pesa yangu.

Lakini ana dai jingine, na ndilo maarufu zaidi. Anachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, anayafanya nguzo: Mwafrika wa jadi, anasema, ana wakati wa sasa na wakati mrefu wa zamani, lakini wakati ujao haufiki mbali, miezi kadhaa au mwaka mmoja miwili. Alifikia hapo kwa kuchunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, kisha akapanua hadi bara zima. Hebu lijaribu hilo kwa Dini ya Msambwa.

Elijah Masinde, aliyeianzisha upande wa Kimilili miaka ya arobaini, alikuwa Mkweka kama sisi kabla ya kutengwa na kanisa kwa kuoa mke wa pili. Alihubiri watu warudi kwa Wele, Mungu wa Wabukusu, na kwa desturi za mababu, na alihubiri pia kwamba Mzungu ataondoka. Mwaka 1945 serikali ilimfungia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari; akatoka 1947, akaendelea. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake pale Malakisi, watu 11 wakafa, na dini ikapigwa marufuku mwaka huohuo. Watu hawa walikufa kwa ajili ya siku ambayo haikuwa imefika. Ukiwaambia hawana wakati ujao, unawaambia hawakujua walichokuwa wakifanya.

Mbiti angekuwa na jibu, na nimpe haki yake: angesema tumaini la siku zijazo liliingia na Biblia, na Masinde alikuwa ameisoma. Huenda. Ila hilo linaonyesha shida yenyewe. Kitabu kinatafuta dini ya jadi isiyoguswa na mtu, na jirani yangu halisi hayuko huko. Khocha aliimba nyimbo za Marafiki akichunga ng'ombe, akamwita Wele. Vyote ni vyake.

Aliyenisaidia kuliona hili ni Okot p'Bitek, yule mshairi wa Gulu. African Religions in Western Scholarship ni kitabu chembamba na kikali, na Mbiti ni mmoja wa anaowakwaruza. Shtaka lake ni kwamba wasomi, Wazungu na Waafrika wenye kola, wanamvisha mungu wa kijiji kanzu ya Kigiriki ili apokelewe mjini. Kisa chake nakikumbuka kila nikiandika tanzia. Wamishenari wa Kikatoliki walitaka kujua Mungu wa Waacholi. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kama walivyolitaka, hivyo swali "nani aliyewaumba?" likageuka kuwa "nani aliyewafinyanga?" Wazee wakatafakari. Wanajua kitu kimoja kinachofinyanga watu: roho inayomkunja mtu mgongo akawa na kibyongo. Inaitwa Rubanga. Wakajibu Rubanga. Na jina hilo likaingia kwenye sala za kanisa kuwa la Mwenyezi Mungu.

Hakuna aliyedanganya hapo. Swali ndilo lililokuja na jibu lake mfukoni. Nikitoka kwa p'Bitek nagundua kwamba hata mimi nilikuwa namuuliza khocha maswali ya Rubanga: Je, mnamwamini Yesu? Biblia yenu ni ipi? Mnaenda mbinguni?

p'Bitek naye si mwalimu wa kila kitu. Anabomoa vizuri kuliko anavyojenga, na ukimsoma peke yake unaweza kubaki ukimcheka kila mtu aliyejaribu. Ushauri wangu kwa msomaji wa kawaida ni huu: Mbiti kwanza, p'Bitek wiki ileile, na kati yao nenda kamuulize mtu mwenyewe. Ukianza na p'Bitek hutajua anagombana na nani.

Na kama jirani ni Mwislamu, usiishie kwa Smith. Kurani ipo kwa Kiswahili, tena kwa mikono tofauti. Canon Godfrey Dale, mmishenari wa Zanzibar, alitoa tafsiri yake 1923, na maelezo yake yaliwasaidia Wakristo kubishana. Waahmadiyya wakatoa yao Nairobi 1953. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Mzanzibari aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akakamilisha yake 1969, na maelezo yake yanawajibu waliomtangulia. Soma maelezo ya chini, utajua kila mmoja alikuwa anaongea na nani. Mama wa chapati ana ya al-Farsy, imefungwa kwa kitambaa juu ya kabati. Aliniambia ninawe mikono kwanza. Hilo hakuna kitabu kati ya hivi kilichokuwa kimeniambia.

Tanzia ya khocha? Nilimpigia simu mwenzake wa Msambwa, mzee wa Chwele, nikamuuliza kwa maneno ambayo p'Bitek asingeyacheka: "Khocha akisimama asubuhi akitazama mlima, alikuwa anafanya nini?" Akakaa kimya kidogo. "Alikuwa anawasalimu watu wake," akasema. "Kisha anamwambia Wele ni nani mgonjwa."

Nikaandika hivyo, kama alivyosema. Mama alisoma karatasi kwa muda mrefu matangani, chini ya mwembe. Hakusema nimefanya vizuri. Aliuliza tu, "Na mimi aliwahi kunitaja, nilipougua?"

Nikampigia mzee tena. Alisema ndiyo, kila asubuhi.