Pongezi kwa madereva wa Kenta wa Moshi
Simtanki la lita 5,000 halifiki Kibosho kwa kubahatisha. Jioni ya kuamkia safari, dereva hupiga simu: "Shikamoo mama. Kesho kati ya saa tatu na saa tano tutakuwa kwako. Nani atakuwepo?" Jibu la "watu wapo" halimtoshi. Anataka jina na namba ya aliyeko kihambani, maana mwenye mzigo mara nyingi yuko Dar es Salaam. Anauliza pia kama gari litapita kwenye migomba au tanki litaviringishwa kutoka barabarani. Wakati wa masika dereva huwahi zaidi: udongo ukilowa, gari halipandi. Mpokeaji hulizunguka tanki akitafuta ufa, ndipo anasaini. Akikutwa mtoto peke yake, mzigo unarudi mjini na nauli inalipwa tena. Wapo wanaonung'unika, mimi naona ni haki ya dereva.