Haya, Wakimbize

Picha ilikuwa tayari tangu saa kumi jioni. Kilichokosekana ni maneno ya kuwekwa chini yake, na maneno hayo yalitupeleka hadi saa tatu usiku, jirani yangu na mimi, tumekaa kwenye ngazi za nyumba yake huku mumewe amelala ndani usingizi wa mtu aliyesafiri kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati. Alikuwa huko miezi kumi na minne na kikosi chetu cha kulinda amani, chini ya MINUSCA, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioundwa Aprili 2014. Mtaani wanamwita Baba Mapacha, naye jirani yangu ni Mama Mapacha.

Rasimu yake ya kwanza aliiandika bila kusita, maana iko tayari vidoleni mwa kila mtu: “Karibu nyumbani shujaa wangu, kipenzi changu, mlinzi wa taifa letu. Mungu ni mwema.” Akanisomea, akanyamaza, halafu akasema, “Mbona kama nimeandikiwa na mtu mwingine?”

Tukaanzia hapo. “Karibu nyumbani” ni maneno mazuri, lakini yasikilize vizuri. Kwetu anayekaribishwa ni mgeni. Mwenye nyumba akirudi huambiwa pole na safari, hupokewa begi, huulizwa habari za huko, huwekewa maji ya kuoga. Ukimkaribisha mume nyumbani kwake mbele ya watu, umemweka kwenye kiti cha wageni bila kukusudia, na wote tunajua mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Mapacha alicheka sana kwa hilo, kisha akafuta.

“Shujaa” lilikwenda kwa sababu nyingine. Neno hilo linamfaa kila askari, kwa hiyo halimwonyeshi huyu. Lingekaa chini ya picha ya jirani wa tatu na hakuna ambaye angegundua.

Lililotuchukua muda mrefu ni “Mungu ni mwema.” Hakuna aliyepinga kwamba ni mwema. Lakini wasomaji wa kapsheni ya mke wa askari si mashoga na mawifi peke yao. Wamo wake wa askari wenzake. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania ilishambuliwa huko Semuliki, Kivu Kaskazini, na zaidi ya kumi kati yao wakauawa kwa siku moja. Wajane wao wana simu, na wengine ni marafiki wa Mama Mapacha. Mwanamke wa namna hiyo akisoma kwamba Mungu ni mwema kwa kuwa wa mwenzake amerudi, je, wa kwake alirudishwa na nani? Jirani yangu hakunieleza yote hayo. Alisema tu, “Hapana, hili nitamwambia Mungu mwenyewe,” akalitoa.

Skrini ikabaki tupu, na hapo ndipo nilipokumbuka kanga. Bibi zetu walikuwa wakiandika kapsheni kabla ya simu kuzaliwa, ila wao waliziita jina. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na upande wa chini kuna kisanduku chembamba chenye maneno machache kwa herufi kubwa. Zamani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye zikaja herufi za Kirumi, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lile la “Mali ya Abdulla”, hutajwa kuwa miongoni mwa walioyaeneza. Kisanduku hakitanuki. Ukiwa na mengi moyoni, utachagua. Instagram inakupa herufi 2,200, lakini msomaji huonyeshwa mstari mmoja au miwili, mengine yamefichwa mpaka abonyeze. Kwa hiyo nayo ina pindo lake, hata kama haionekani.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Jina la kanga hujitegemea, kwani maua au korosho za mjini haziwajibiki kulifafanua. Kapsheni ina picha juu yake. Likirudiwa chini lile ambalo jicho limeshaliona juu, maneno yamepotea bure. Nikamwomba anieleze picha bila kuitazama. Mumewe ameketi mkekani mlangoni, buti zimevuliwa, pacha mmoja amemparamia mgongoni na kumshika masikio. “Na picha haisemi nini?” Akafikiri. “Haisemi kwamba alipoondoka walikuwa hawajui hata kusimama.”

Basi kapsheni ilikuwa hiyo. Mwanzo aliandika: “Baba Mapacha amerudi. Aliwaacha wanatambaa.” Ilikuwa karibu, ila ilikuwa taarifa; alikuwa akiwaambia watu habari za mumewe, kama tangazo. Akabadilisha kiambishi, a- ikawa u-: “uliwaacha.” Herufi moja tu, lakini sasa anazungumza na mumewe na sisi wengine tunasikia mlangoni. “Umerudi” nayo ikaonekana haina kazi, maana picha imeshasema. Akaiondoa, akakaa kidogo, akamalizia kwa pumzi moja:

“Baba Mapacha, uliwaacha wanatambaa. Haya, wakimbize.”

Hesabu maneno: ni sita. Hakuna tarehe, lakini kila mama anayesoma atapima muda kwa miguu ya watoto, kutoka miezi minane hadi mwaka mmoja na miezi kumi. Lawama imo kidogo, ndani ya “uliwaacha,” na ni ya halali. Na hiyo “haya” ndiyo inayobeba mapenzi yote, kwa sababu ni neno la kumpa kazi mtu wa nyumbani. Mgeni hapewi kazi.

Sanaa hii ina upande wake wa kimya, na mke wa askari huujua kuliko mshairi. Mama Mapacha hakuposti chochote kabla miguu ya mumewe haijakanyaga kizingiti. Wanajeshi hurudi kwa makundi. Ukitangaza saa ya ndege ya wako umetangaza na ya wenzake, na wengine bado wako njiani. Alimvulisha shati lenye jina kifuani na nembo begani kabla ya kupiga picha. Alizima ile huduma ya simu inayoonyesha mahali. Jina la mji alikokuwa mumewe halikutajwa popote, ingawa kwa miezi kumi na minne alikuwa akiishi kwa saa za huko: alipompigia saa nne usiku, kule ilikuwa saa mbili, na mumewe ndiyo kwanza amemaliza kula.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo picha ililionyesha nusu tu. Pembeni, nyuma ya mlango, ulionekana mkono mdogo umeshika pazia. Ni pacha wa pili. Huyo hakumparamia mtu. Alimchungulia mwanamume aliyekaa kwenye mkeka wao na hakutoka. Nilipendekeza tumtaje, maana kwa mwandishi hicho kilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote. Jirani yangu alikata picha ubavuni, mkono na pazia vikatoka. “Hilo ni la ndani,” akasema, akabonyeza.

Siku ya tatu alinieleza juu ya ukuta, akianika nguo, kwamba yule wa nyuma ya pazia amemletea baba yake buti moja, akaiweka miguuni, akaenda kuifuata ya pili.