Barua pepe iliyoomba bila kudai uamuzi

Jumanne jioni, tarehe 21 Januari 2003, mhandisi wa NASA aitwaye Rodney Rocha aliwaandikia wakuu wake barua pepe katika Kituo cha Anga cha Johnson, Houston. Chombo cha Columbia kilikuwa angani kwa siku ya sita, kikiwa na watu saba. Rocha alikuwa mmoja wa viongozi wa kikosi kilichopewa kazi ya kukadiria madhara ya kipande cha povu kilichobanduka kwenye tangi la nje siku ya kuruka, Alhamisi tarehe 16, na kupiga bawa la kushoto. Kazi yao ilikuwa imekwama kwa sababu moja: kamera za uwanjani zilionyesha povu likipiga bawa, lakini hazikuonyesha lilipiga wapi hasa wala liliacha nini.

Barua hiyo imesomwa sana tangu Bodi ya Uchunguzi wa Ajali ya Columbia ilipotoa ripoti yake Agosti 2003. Wengi huikumbuka kwa neno moja ambalo mwandishi aliliweka kwenye mabano, la kuombaomba. Mimi naisoma kwa jicho la fundi wa barua za ofisini. Ni barua ya mtu hodari, yenye ukweli wote uliohitajika na athari iliyoelezwa kwa ufasaha, na bado haikuzaa uamuzi. Kwa anayetaka kujua barua ya kupandisha jambo kwa mkubwa hushindwa mahali gani, ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu.

Tuanze na palipofanywa vizuri. Rocha anafungua kwa kusema nani walikuwa kwenye kikao cha kikosi na kwamba wote wamekubaliana: watu wa NASA, wa Boeing na wa kampuni iliyoendesha vyombo hivyo. Mkubwa akisoma hapo anajua kwamba haya si mashaka ya mtu mmoja. Kisha anaeleza kizuizi bila kumlaumu mtu: mahesabu ya njia ya kipande kile, pamoja na takwimu za majaribio ya zamani ya joto, yatabaki na shaka kubwa mpaka zipatikane picha bora za bawa na za tumbo la chombo.

Halafu inakuja sentensi ambayo ningemfundishia mwanafunzi yeyote wa uandishi wa ofisini. Anasema kwamba bila picha, majibu ya uchambuzi yanaweza kuanzia ya kukubalika, kupita yasiyokubalika, hadi ya kutisha, na hakuna njia ya kuyapunguza mapana hayo. Hiyo ndiyo athari iliyoandikwa sawasawa. Rocha hakusema chombo kitaanguka, maana hakujua. Alisema kitu alichokijua kwa hakika, kwamba kikosi chake hakitaweza kutoa jibu la kutegemewa, na kwamba kwa hiyo itakuwa vigumu sana kuwapa waongozaji wa safari njia mbadala za kupangia kurudi duniani. Anaongeza kwamba wazee wa kazi wanakumbuka msaada wa picha wa namna hiyo uliowahi kupatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilipohofiwa kwamba vigae vimebanduka. Kwa hiyo ombi lilikuwa na mfano uliotangulia.

Mpaka hapo barua imekamilika kwa robo tatu. Robo iliyobaki ndiyo iliyoiangusha.

Ombi lenyewe limeandikwa kama swali: je, tunaweza kuomba, hata kwa kubembeleza, msaada wa taasisi ya nje? Swali la namna hiyo lina majibu mengi yasiyo ndiyo wala hapana. Linaweza kujibiwa “tutaangalia”, na linaweza kunyamaziwa bila aliyenyamaza kuonekana amekataa. Anayepandisha jambo hutaka mkubwa ajikute mbele ya njia mbili, achague moja, na uchaguzi huo ubaki umeandikwa.

Kisha tazama nani anaombwa kutenda. Barua inataka mkuu wa idara ya uhandisi, pamoja na mmoja kati ya viongozi wawili wa mpango wa vyombo hivyo, wapeleke ombi. Ni majina matatu, yameunganishwa kwa “pamoja na” na kwa “au”. Barua yenyewe imeelekezwa kwa mkuu wa Rocha wa ofisi ya uhandisi, si kwao. Na Linda Ham, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi wa Safari, yaani aliyekuwa na mamlaka ya siku kwa siku juu ya jambo hilo, hatajwi kabisa. Kesho yake, tarehe 22, maombi mengine ya picha yaliyopita njia nyingine yalikuwa yameanza kufika upande wa jeshi. Ham alipouliza ni nani hasa anazihitaji, hakupata mwenye ombi, na asubuhi hiyohiyo juhudi zikasimamishwa. Bodi ilibaini kwamba hakukiuliza kikosi chenyewe cha wachambuzi. Hilo ni kosa la mkubwa, na ni kubwa. Lakini kwa mtu wa barua kuna somo pia: ombi lililopita milango mitatu tofauti, bila mlango hata mmoja kuwa na jina la mwamuzi, lilionekana kwa aliye juu kana kwamba halina mwenyewe.

Hakukuwa na tarehe ya mwisho vilevile. Baada ya ajali, bodi iliagiza uchunguzi wa nini kingewezekana. Ilionekana kwamba kama madhara yangethibitishwa kabla ya siku ya saba ya safari, huenda chombo cha Atlantis, kilichokuwa kikiandaliwa kwa safari nyingine, kingeharakishwa na kuwafikia wale saba. Vichujio vya hewa chafu ndani ya Columbia vingeweza kudumishwa hadi siku ya 30, yaani katikati ya Februari. Siku ya saba ilikuwa tarehe 22, siku moja baada ya barua ile. Rocha hangeweza kujua hesabu hiyo, na kumlaumu kwayo ni uonevu. Ila kulikuwa na tarehe nyingine: Ijumaa ya tarehe 24 matokeo ya kikosi chake yangepelekwa kwenye kamati. Ukiwa na tarehe ya kukabidhi kazi, tarehe ya mwisho ya uamuzi unayo tayari. Ihesabu kurudi nyuma.

Sasa nijaribu kuiandika upya kwa yale tu yaliyojulikana jioni ile, na kwa desturi yetu. Barua za serikali hapa kwetu zina kifaa ambacho ofisi za barua pepe zimekiacha: mstari wa “K.K.”, kupitia kwa. Mwalimu anayemwandikia mkurugenzi huandika anwani ya mkurugenzi, kisha chini yake K.K. Mkuu wa Shule. Hajamruka bosi wake, na barua haiishii kwa bosi. Rocha alihitaji mstari huo mmoja.

“Kwa: Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi wa Safari. K.K.: Mkuu, Ofisi ya Uhandisi. Yah: Uamuzi unahitajika kesho saa sita mchana: picha za bawa la kushoto.

Naomba uamue kesho kabla ya saa sita mchana kama NASA itaomba rasmi picha za bawa la kushoto kutoka Wizara ya Ulinzi.

Tarehe 16, sekunde ya 82 hivi baada ya kuruka, kipande kikubwa cha povu kilipiga bawa la kushoto. Kamera hazikuonyesha mahali kilipopiga. Programu yetu ya makadirio ilijengwa kwa majaribio ya vipande vidogo mno kuliko hiki.

Bila picha, ripoti yetu ya Ijumaa haitaweza kusema kama bawa ni salama au si salama.

Njia ya kwanza ni kuomba picha. Gharama yake ni muda wa kugeuza chombo, unaokatwa kwenye ratiba ya utafiti. Njia ya pili ni kuendelea bila picha, na kamati kuipokea ripoti ikijua haina jibu. Kikosi kizima kinapendekeza ya kwanza. Ukichagua ya pili, naomba jibu kwa maandishi ili niliingize kwenye ripoti.”

Maneno hayapungui mia moja, na kila moja lina kazi. Uamuzi umetangulia kwa sababu mkubwa husoma mstari wa kwanza na huenda asifike wa tano. Gharama ya ombi imetajwa na mwombaji mwenyewe, kabla mwingine hajaitaja kama pingamizi. Kwa kweli kugeuza chombo na kupoteza muda wa utafiti vilitajwa kwenye mazungumzo ya uongozi siku zile. Na njia ya pili imeandikwa kwa jina lake halisi. Kutokufanya kitu huonekana hakuna gharama mpaka mtu aiandike.

Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu zaidi kuiandika, na ndiyo ningeitetea kuliko zote. Rocha alipopata habari kwamba uongozi hauombi picha, aliandika barua pepe ya pili, kali, akisema kwamba kutoomba picha ni jibu lisilo sahihi na linalokaribia kutowajibika. Hakuituma. Aliichapisha, akamwonyesha mwenzake. Alipoulizwa baadaye alieleza kwamba hakutaka kuruka ngazi za uongozi. Barua ya kwanza ingekuwa imedai jibu la maandishi, ile ya pili isingehitaji ukali: angeuliza tu jibu liko wapi.

Kuna mpaka ambao barua nzuri haiuvuki. Ndani ya ofisi ile povu kupiga chombo lilikuwa limezoeleka safari baada ya safari, likawa linahesabiwa kuwa suala la matengenezo. Wachambuzi walijikuta wakitakiwa kuonyesha kwamba picha ni za lazima, ilhali bila picha hawakuwa na cha kuonyesha ulazima huo. Bodi ilisema wazi kwamba waliwekwa katika hali ya kuthibitisha kwamba kuna hatari, wakati kanuni ya kawaida ni kuthibitisha kwamba kuna usalama. Aliyekwisha kuamini kwamba hakuna tatizo anaweza kuisoma barua yangu ya hapo juu na bado akachagua njia ya pili. Tofauti ni kwamba angekuwa ameichagua, kwa jina lake, siku hiyo.

Columbia ilisambaratika ikirudi duniani Jumamosi, tarehe 1 Februari 2003. Miongoni mwa mapendekezo ya bodi lilikuwamo la kubadilisha makubaliano na taasisi ya taifa ya picha za anga ili kila safari ipigwe picha ikiwa kwenye mzingo, kama sharti la kawaida, bila mhandisi yeyote kulazimika kuandika barua ya kuomba.