Bajia Saba na Simba Mmoja

Anayewatungia watoto wa miaka 6 hadithi ya muuzaji aliyekosea chenji ana nafasi ndogo mno ya kujieleza. Baada ya dakika moja au mbili za kusoma, darasa linataka kucheza. Ustadi wake wote basi unaonekana katika jambo moja, nalo ni aina ya kosa analomchagulia muuzaji. Muuzaji akitakiwa kurudisha shilingi tatu naye akarudisha tisa, watoto watacheka na kujibu bila kuhesabu. Akirudisha mbili bila sababu, watataja jibu sahihi na mambo yataishia hapo, kwa kuwa hakuna njia ya kufuata kujua alipopotea. Kosa linalofaa ni lile ambalo watoto wenyewe hulifanya kila siku, likitamkwa kwa sauti mbele yao.

Tuchukue hadithi ya namna hiyo, iliyotungiwa watoto wa Junda, kule Kisauni. Juma ametumwa bajia. “Shikamoo, Bi Zainabu.” “Marahaba, mwanangu. Nikupe ngapi?” “Saba.” Bajia moja ni shilingi moja. Juma anatoa sarafu ya shilingi kumi. Bi Zainabu anafungua mkoba wa chenji. Mara mtu anauliza, “Chatini ipo?” “Ipo!” Kisha anaweka shilingi mojamoja kiganjani mwa Juma: “Saba, nane, tisa, kumi.” Juma anakitazama kiganja chake. Hadithi inakomea hapo, na mwalimu hasemi kitu.

Bi Zainabu anatumia hesabu ya sokoni. Hatoi saba katika kumi. Anaanzia kwenye bei na kupanda mpaka afikie pesa aliyopewa, akiweka sarafu moja kwa kila namba anayoitaja. Njia hiyo ni sahihi, na mtoto anayejua kuhesabu hadi kumi anaiweza hata kabla hajazoea kutoa. Lakini ina mtego wake. Saba imekwishalipwa na bajia, kwa hiyo sarafu ya kwanza inapaswa kuitwa nane. Ukiiita saba, unatoa nne badala ya tatu. Watoto wengi wa umri huu huanguka papo hapo, kwa sababu wamezoea kwamba kuhesabu ni kuanza na namba uliyonayo mdomoni. Ndiyo maana swali la chatini si pambo la hadithi. Limemkatiza Bi Zainabu baada ya kufikiri “saba”, naye akairudia alipoanza tena.

Wapo watakaosema kwamba hadithi hii inamvunjia heshima mama wa bajia. Ingekuwa hivyo kama angerudisha pungufu, maana darasa zima lingepiga kelele za mwizi na hesabu ingesahaulika. Hapa amezidisha, anayepata hasara ni yeye, na mtoto akiona kosa ndiye anayemsaidia mkubwa wake. Wengine watauliza kwa nini bei isiwe 15 na malipo 20, bei zinazosikika zaidi mitaani. Jibu ni kwamba hapo chenji ni sarafu moja ya shilingi tano, na mtoto hana cha kuhesabu. Bei ya saba imechaguliwa ili vidole vifanye kazi.

Mchezo unaofuata unachezwa wawiliwawili kwa vizibo vya soda. Kizibo kimoja ni shilingi moja. Kadi iliyochorwa simba ni shilingi kumi, kama kwenye sarafu mpya zilizotolewa Desemba 2018, ambapo shilingi moja ina twiga. Muuzaji anarudisha chenji kwa sauti, na mnunuzi ana ruhusa ya kusema “simama”. Kisha wanahakiki: bajia saba, ambazo ni vijiwe, zinawekwa kando ya vizibo, na vyote vinahesabiwa pamoja. Vikifika 11, kuna kimoja kilichozidi.

Mwalimu hapaswi kutazama jibu peke yake, kwa kuwa vizibo vinne vinaweza kutokana na makosa mawili tofauti. Mtoto mmoja anasema “saba” anapoweka kizibo cha kwanza. Huyu afunikiwe vijiwe saba kwa kiganja cha mwalimu, aambiwe “hizi zimeshalipwa”, kisha aendelee. Mwingine anasema “nane, tisa, kumi” vizuri kabisa, ila mkono umeuacha mdomo nyuma na umeweka vinne. Kumweleza huyu habari za saba ni kumchanganya bure. Anachohitaji ni kuweka pole pole, kizibo kimoja kwa neno moja, hata kama raundi nzima itamalizikia kwenye vizibo vitatu tu.