Na Huyu Mwingine ni Nani?

Mamake Mwalimu alisimama mbele ya ukuta kama dakika mbili hivi, mkoba kwapani, akaziangalia zile sura nane moja baada ya nyingine. Tano alizitambua bila shida, akacheka hata. Kisha akanyoosha kidole kwa ile ya chini kulia na kuuliza, "Na huyu mwingine ni nani?"

Huyo mwingine alikuwa mtoto wake.

Mwalimu ndiye aliyekuwa na base ya gemu mtaani kwetu. Jina la kitambulisho hatukulitumia kamwe. Aliitwa Mwalimu kwa sababu nusu ya vijana wa mtaa alituonyesha yeye jinsi ya kurusha moto na Ryu. Alipofariki, mbogi ilichanga pesa tukamlipa dizaina atuchoree ukuta mzima kama ile skrini ya kuchagua mpiganaji: wasee wanane wa base, kila mmoja kutoka kwa picha yake ya simu, poza kali, vivuli vizito, na jina kwa herufi kubwa chini. Kazi ilipokamilika tulipiga kelele. Ilikuwa noma. Halafu mama akaja na swali lake, na tangu siku hiyo sijaweza kuuangalia ule ukuta kama shabiki. Nauangalia kama mtu anayetafuta kosa lilikoingia.

Tuanzie kwa skrini yenyewe. Street Fighter II ilipotoka mwaka wa 1991, ukiweka sarafu ulikutana na vichwa vidogo vinane. Ukisogeza kijiti, sura kubwa ilitokea pembeni na jina lake. Saa ilikuwa inahesabu, na nyuma yako kulikuwa na mtu anayetaka zamu. Kwa hiyo ile sura ilikuwa na kazi moja: ikueleze huyu ni nani kabla hujafikiri. Blanka ni meno na ngozi ya kijani. Guile ni nywele zilizokatwa kama meza. Skrini nzima ilikuwa na pikseli 384 kwa 224, na kila kipande cha picha kilipewa rangi 15 tu za kufanyia kazi, maana ya 16 ilikuwa ya pale pasipo na kitu. Ukiwa na rangi chache hivyo, huwezi kupaka uso polepole kutoka mwanga hadi giza. Unakata. Hapa mwanga, hapa rangi ya kawaida, hapa kivuli, na mpaka kati yao ni mkali kama wembe. Ile staili tunayoiita ya gemu ilizaliwa na uhaba, lakini wachoraji wake walijua kitu kimoja ambacho wengi wanaoiga leo wamesahau: ukibakisha maumbo matatu pekee usoni, lazima yawe maumbo ya huyo mtu na si ya mwingine yeyote.

Wale hawakuwa wakichora kutoka kwa picha ya mtu, lakini. Waliotumia picha walikuwa wa Mortal Kombat, mwaka wa 1992. Waliwarekodi watu halisi kwa kamera ya video, kisha wakasafisha fremu moja moja. Daniel Pesina alicheza Johnny Cage, na pia alivaa kininja akawa Scorpion na Sub-Zero, mwili uleule, rangi ya nguo ndiyo ikabadilika. Baadaye Pesina aliwashtaki wenye gemu akisema wametumia sura yake, na mwaka wa 1996 mahakama ya Illinois ikamkatalia. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba picha zake zilikuwa zimebadilishwa mpaka hatambuliki. Fikiria hilo kidogo. Kazi ilianza na mtu mwenyewe amesimama mbele ya kamera, na bado mwishoni ikaamuliwa kwamba yeye hayumo ndani. Picha ya mtu kuwa chanzo hakuhakikishi chochote.

Sasa turudi kwa ukuta wetu. Picha ya Mwalimu aliyopewa dizaina ilipigwa usiku, harusini, kwa flashi, simu ikiwa karibu na uso kama urefu wa mkono. Tuliichagua kwa sababu alikuwa amevaa suti. Ilikuwa picha mbaya kuliko zote tulizokuwa nazo kwa kazi hii, na hakuna aliyejua.

Flashi inatoka palepale ilipo lenzi. Kivuli chote kinaangukia nyuma ya kichwa, na uso unabaki bapa kama sahani. Ukiipunguza picha ya namna hiyo hadi toni tatu, hupati mashavu wala taya. Unapata doa jeupe kwenye paji la uso mahali palipong'aa jasho, doa lingine kwenye ncha ya pua, na kwingine kote kahawia moja. Tena simu ikiwa karibu hivyo, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Kwa hivyo dizaina alipofungua picha yake hakukuta vivuli vya kukata. Akafanya ambacho angefanya yeyote mwenye dedilaini: akavitunga. Na vivuli vya kutunga hutoka kichwani, na kichwani mwa kila mtu aliyekulia gemu mna uso mmoja, taya la mraba, mashavu yaliyobonyea, nyusi zimekunjwa. Mwalimu alikuwa na uso wa duara. Hata kwa hasira alionekana kama mtu anayekumbuka utani.

Kosa la pili ni la rangi, na hili linaniuma zaidi, kwa sababu naliona pia kwa mabango na kwa matatu. Mwalimu alikuwa mweusi tii. Kwenye ukuta amegeuka maji ya kunde. Nilimuuliza dizaina, akajibu kwa ukweli kabisa: mistari myeusi ya kuzungushia macho na pua ilikuwa inapotelea ndani ya ngozi, basi akaipandisha ngozi hatua mbili ili mistari ionekane.

Namwelewa, lakini alishika kamba kwa upande usiofaa. Kanuni ya vivuli vizito tuliyoirithi inaanza na ngozi nyepesi na kushuka chini: rangi ya kawaida iko juu, na una nafasi kubwa ya kuteremka kabla ya kufika nyeusi. Ngozi nyeusi iko karibu na chini tayari. Ukijaribu kuiteremsha, hatua mbili tu umefika gizani na uso umekuwa shimo. Nafasi iliyobaki iko juu. Umbo lazima libebwe na mwanga: kipande kidogo cha rangi ya chungwa juu ya shavu, mstari mwembamba kwenye daraja la pua, ukingo wa mdomo wa chini. Kivuli hakihitaji kuwa cheusi, kinaweza kuwa zambarau au kahawia ya damu ya mzee. Kisha unaweka taa ya pili kutoka nyuma, bluu, ipite kando ya shingo na sikio ili kichwa kitengane na ukuta. Na ikiwa bado hakionekani, badilisha rangi ya nyuma. Dizaina alikuwa ameweka nyuma nyeusi kwa watu wote wanane! Ngozi ya marehemu ikalipa deni la nyuma nyeusi.

Poza sitaisema sana. Alipewa ngumi mbele ya kidevu, bega moja limetangulia, macho yanatazama kutoka chini ya nyusi. Ni poza ya haki kabisa kwa mchezo huu, na kugeuza mabega robo hivi ndiko kunakoipa picha nguvu. Ila Mwalimu hakuwahi kukunja ngumi. Alikaa kwa kiti cha plastiki, kichwa kimeinama kushoto, njiti ya kiberiti mdomoni, akikungoja ukosee.

Na sasa jina. Kwenye gemu, jina linasaidia sura pale sura inaposhindwa, na nguvu yake si ndogo. Bondia wa Street Fighter II huko Japani aliitwa M. Bison, na alifanana na Mike Tyson kiasi kwamba, gemu ilipoelekea Marekani, wenyewe waliogopa kesi. Hawakuugusa uso. Walizungusha majina matatu: bondia akawa Balrog, yule wa kucha akawa Vega, na bosi mwenye kofia akarithi M. Bison. Uso uleule, maandishi tofauti, na wasiwasi ukapungua.

Bango la Mwalimu lilifanya kinyume. Majina ya gemu ni mafupi, RYU, KEN, herufi tatu na imeisha. MWALIMU ni herufi saba, na tatu kati yake, M mbili na W, ni mabonge. Dizaina alitaka majina yote nane ya ukutani yawe na kimo kimoja, kwa hiyo jina likatanuka, likapanda mteremko kama inavyopaswa, na kona yake ya kulia ikafunika kidevu. Kwenye kidevu cha Mwalimu kulikuwa na kovu la baiskeli la tangu utotoni. Mtu yeyote wa mtaa angekuelekeza kwake kwa lile kovu. Yaani jina la mtu ndilo lililoficha alama yake.

Kuna jaribio ambalo tungelifanya kabla ya rangi kugusa ukuta, na halina gharama. Punguza picha kwenye simu hadi itoshane na ukucha wa dole gumba, funika jina, mwonyeshe mtu anayemjua mhusika lakini hajui unafanya nini. Akisita, rudi mezani. Sisi tulijionyesha wenyewe, tukiwa na jina wazi na mioyo imejaa. Mama hakusoma jina. Aliangalia sura, kama skrini ile ilivyokusudiwa.

Dizaina, kwa heshima zake, hakubishana. Tulimtafutia picha nyingine, iliyopigwa saa kumi jioni mlangoni pa base, mpigaji akiwa mbali hatua tatu nne, jua likitoka upande mmoja. Pale vivuli vilikuwepo vyenyewe: nusu ya shavu la duara, kope nzito, mkunjo wa kando ya mdomo. Kompyuta ilipoigawa picha katika toni tatu, ilitoa visiwa vidogo vidogo kila mahali, na siku nzima ikaenda kwa kuvifuta na kuchora mipaka upya kwa mkono. Nyuma ikawa manjano ya haradali. Ngozi ikarudi nyeusi. Jina likapunguzwa kimo, likapita nyuma ya bega, kovu likabaki nje. Ngumi ikaondolewa, kichwa kikainama kushoto, njiti ikawekwa.

Si kazi kamilifu. Ule mwanga wa bluu umezidi sikioni, na sasa yeye pekee anaonekana mtu kati ya wanane, wale wengine saba tunafanana kama tumezaliwa tumbo moja. Mimi niko juu, wa pili kutoka kushoto, na taya ambalo sina.

Mama alirudi Jumapili baada ya kanisa. Alisimama palepale. Safari hii hakuuliza jina la mtu yeyote. Aliangalia, akasogea, akaangalia tena.

"Mwambieni aitoe hiyo njiti mdomoni," alisema. "Nilimkataza."