Ndoo Chini ya Bomba

Juzi nilirudi katika hoteli moja ya pwani, kaskazini mwa Mombasa, ambayo ujanani nilisaidia kuifungia mitambo ya hewa. Nilipofungua mlango wa chumba, baridi ilinipokea vizuri, kisha uvundo ukanipiga puani. Shuka zilikuwa kama zimeanuliwa kabla ya kukauka, na nyuma ya kitanda karatasi ya ukutani ilikuwa imetoka madoa ya kuvu. Themostati ilisoma nyuzi 21. Nikamkumbuka mzee aliyenifunza kazi.

Yule mzee alikuwa akipanda darini na vipimajoto vyake viwili vilivyofungwa kwenye ubao mmoja, kimoja kimevikwa utambi wa pamba uliolowa. Alivizungusha hewani kama mtoto anayechezea kombeo, akasoma haraka kabla utambi haujapata joto la pumzi yake, kisha akakunjua chati yake iliyolainika kama leso kwa kukunjwa. Penseli ilipotua, alijua kila kilo ya hewa ya Mombasa imebeba gramu ngapi za maji. Chati za namna hiyo zinatokana na kazi ya Willis Carrier, aliyewasilisha kanuni zake kwa wahandisi wa Marekani mwaka 1911. Mtambo wake wa 1902 ulikuwa wa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako karatasi ilivimba na kunywea kwa unyevu, rangi zikakosana. Kumbe kiyoyozi kilizaliwa kwa kukausha. Sisi tumebaki na baridi yake tu.

Tulipokuwa tukiipangia hoteli mitambo, mimi nilikuja na hesabu ya saa nane mchana, jua la Februari. Mzee aliiangalia akacheka. "Mwanangu, na saa tisa usiku, mvua ya masika inanyesha, nani atakausha?"

Mchana feni koili ya chumbani hufanya kazi bila kupumzika, na maji hukamuka kwenye mabati yake. Usiku hakuna jua. Chumba hufikia baridi iliyoagizwa, valvu hufunga maji baridi, feni huendelea kuzunguka, na ule unyevu uliobaki kwenye koili hurudi kumlalia mgeni. Ndiyo sababu mzee aliiachia feni koili joto peke yake. Unyevu aliubebesha mtambo wa hewa safi ulioko darini, unaokausha hewa ya nje usiku na mchana kabla haijaingia.

Hesabu yake naikumbuka. Kila chumba kilipewa lita 30 za hewa kwa sekunde, kufidia inayovutwa na feni ya bafuni. Hiyo ni kama kilo 130 kwa saa. Wageni wawili, taulo zao na mlango wa roshani alivikadiria gramu 200 za mvuke kwa saa. Chumba alitaka kikae nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55, yaani gramu 10.3 kwa kilo. Gawa 200 kwa 130: kila kilo inayoingia lazima iwe kavu kuliko chumba kwa gramu moja na nusu. Basi iingie na gramu 8.8, na ili ifike hapo ipozwe hadi nyuzi 12. Nje kulikuwa na gramu 21. Kwa vyumba 60, mtambo ulipaswa kutoa lita 95 za maji kila saa.

Wengine wangefunga daftari hapo. Yeye aliomba ndoo ya lita 20, akaitega chini ya bomba linalotoa maji ya mtambo, akavua saa yake akaishika kiganjani. Tulikaa kimya. Ndoo ilijaa kwa dakika 13 hivi, akaitikia kwa kichwa, tukaenda kunywa chai.

Juzi nami niliomba ndoo. Kijana wa zamu, mwenye adabu zake, alinieleza kwamba maji baridi sasa yanatoka nyuzi 11 badala ya 7, kupunguza bili ya umeme. "Wageni hawalalamikii joto, mzee." Nikapima hewa ya nje: gramu 21 zile zile. Hewa iliyotoka mtamboni ilikuwa nyuzi 15, imebeba gramu 10.7, mbichi kuliko chumba chenyewe kinavyotakiwa kuwa. Haiwezi kubeba hata jasho la mgeni mmoja. Wageni wakiona chumba kizito wanashusha themostati, na ukuta uliopoa zaidi unazidi kulowa.

Ndoo ilichukua dakika 15. Kijana aliinama akachungulia, maji yakifurika ukingoni.

"Lakini si imejaa, mzee?"